Hesabu ya matofali ya ukuta

Matofali hayahesabiwi kwa ukubwa wa tofali peke yake. Kila tofali ukutani huja na jointi yake, yaani unene wa mchanga na saruji unaoliunganisha na jirani yake wa pembeni na wa juu. Tofali la inchi 6 lililozoeleka Tanzania lina uso wa sentimita 45 kwa 23. Jointi ikiwa ya sentimita 2, tofali hilo linashika nafasi ya 47 kwa 25, sawa na mita za mraba 0.1175. Eneo la ukuta ndilo linalogawanywa kwa ukubwa huu.

Tuchukue kuta za nje za nyumba ya mita 10 kwa 8. Ukijumlisha pande zote nne unapata mita 36, lakini kila kona umeihesabu mara mbili. Ondoa unene wa ukuta, sentimita 15, kwa kila kona: inabaki mita 35.4. Kimo kutoka kwenye jamvi ni mita 3, ila linta inayozunguka nyumba nzima inachukua sentimita 25, na hapo ni zege, si tofali. Kwa hiyo 35.4 × 2.75 ni mita za mraba 97.35.

Sasa toa matundu. Milango miwili ya mita 1 kwa 2.25 ni 4.5. Madirisha matano ya 1.5 kwa 1.5 ni 11.25. Pima tundu lenyewe linaloachwa ukutani, usipime fremu. Zinabaki mita za mraba 81.6, na ukizigawa kwa 0.1175 unapata matofali 695. Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya yatakayovunjika na vipande vya kukatia pembeni mwa madirisha: agiza 730.

Angalia kinachotokea ukisahau jointi. Utagawa kwa 0.1035 na kupata 789, karibu matofali 94 ya ziada kabla hata ya kuongeza ya kuvunjika. Ukisahau kutoa matundu, utazidisha 134. Kwa mwenye kujenga kidogo kidogo, hiyo ni fedha iliyolala uwanjani.

Hesabu hii inasimama fundi akishika jointi ileile. Kwa tofali hili kozi nne lazima zipande mita 1 kamili, kwa hiyo weka futi ukutani mapema. Zikifika sentimita 104, jointi imekuwa ya sentimita 3: matofali yatabaki, lakini saruji itaisha kabla ya wakati. Pima pia matofali yenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu wafyatuaji hawatumii wote kalibu moja.

Msingi uhesabu peke yake. Kule tofali kwa kawaida hulazwa, uso unaoonekana unakuwa 45 kwa 15, na mita moja ya mraba inakula matofali kama 12 na nusu badala ya 8 na nusu.