Waya au bamba? Ninavyosoma alama za mgonjwa kwenye jaribio la mfupa uliovunjika

Mama mmoja wa makamo alianguka akiteka maji, akavunjika mkono wa kushoto karibu na kifundo. Miezi kadhaa baadaye, kliniki, nikawa namsomea maswali ya dodoso la PRWE, linalopima maumivu na kazi za kifundo cha mkono. Tulikwenda vizuri kwenye kufunga vifungo vya shati, kukata nyama kwa kisu na kuinuka kitini kwa kujisukuma na mkono. Tulipofika kwenye karatasi ya chooni akaniangalia, akacheka. "Karatasi ya nini tena, mwanangu? Sisi tuna maji."

Tulicheka wote, lakini swali lile lina uzito. Huyu mama anatawadha kwa mkono huohuo wa kushoto, tena kwa kuukunja kifundo kuliko anavyoukunja mtu wa karatasi. Ningemwandikia sifuri kwa sababu hatumii karatasi, ningekuwa nimesema hana shida, kumbe hapo ndipo shida yake ilipo. Nikauliza upya, safari hii kwa maji, akajipa saba.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu madaktari wenzangu wakisoma utafiti wa mifupa huruka moja kwa moja kwenye matokeo. Wanaona "alama 15 kwa 14" na kuendelea na safari. Alama hizo zimetoka wapi, na alama moja ina thamani gani kwa mtu? Tukijua hilo, jaribio lililolinganisha waya na bamba za kushikilia mfupa uliovunjika linasomeka kwa urahisi.

PRWE ina maswali 15, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokuwa na tatizo. Matano ya kwanza ni ya maumivu na yanajumlishwa yalivyo, kwa hiyo yanafika hadi 50. Kumi yaliyobaki ni ya kazi: sita za vitendo maalumu na nne za maisha ya kawaida, yaani kujihudumia, kazi za nyumbani, kazi ya kipato na mapumziko. Haya kumi yanajumlishwa kisha yanagawanywa kwa mbili, nayo yafike hadi 50. Alama kubwa ni mbaya, na 100 ndiyo mbaya kabisa.

Tuseme mgonjwa amejibu maumivu 2, 4, 6, 7 na 5. Jumla ni 24. Vitendo sita amevipa 3, 2, 2, 6, 5 na 4, jumla 22, na maisha ya kawaida 2, 4, 5 na 3, jumla 14. Kazi zote ni 36, nusu yake ni 18. Alama yake ni 24 na 18, yaani 42. Angalia kilichojificha hapo: swali moja la maumivu lina uzito mara mbili ya swali moja la kazi. Mgonjwa akipunguza maumivu kwa nukta sita tu, alama inashuka sita. Ili ishuke sita kwa upande wa kazi, lazima apate nafuu ya nukta kumi na mbili. Saba ya yule mama kwenye kutawadha ilimwongezea tatu na nusu.

Sasa, alama ishuke kiasi gani ndipo mgonjwa aseme "kweli, nimepata nafuu"? Hiyo ndiyo tofauti ndogo kabisa yenye maana. Njia ninayoiamini zaidi ya kuitafuta ni ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Unachukua alama zake leo na baada ya muda, kisha unamuuliza swali moja lililo wazi: umepata nafuu kubwa, nafuu kidogo, uko vilevile, au umezidiwa? Unawatazama waliosema "nafuu kidogo", unaona alama zao zilibadilika kiasi gani. Kuna njia nyingine ya hesabu tupu, inayoangalia jinsi alama za kundi zilivyotawanyika na kuchukua sehemu ya mtawanyiko huo. Ni rahisi, haihitaji kumsumbua mtu, na ndiyo maana siipendi sana. Mtawanyiko hauwezi kukwambia mtu anajisikiaje.

Kwa hiyo haishangazi kwamba namba zinatofautiana. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 kwa watu waliovunjika mfupa huu wa karibu na kifundo uliipata tofauti ya PRWE kuwa 11.5. Jaribio ninalotaka kulieleza lilipanga hesabu zake kwa 6. Wapo wanaoona huo ni mgongano. Mimi naona maswali mawili tofauti. Ile 11.5 inahusu mtu mmoja anapobadilika kutoka siku moja hadi nyingine. Hii 6 inahusu wastani wa kundi na wastani wa kundi jingine. Kundi likizidi jingine kwa 6, ndani yake huenda wengine wamepata nafuu ya 20 na wengine hawakupata chochote, na kwa hospitali inayoamua inunue vifaa gani, hilo linaweza kutosha.

Jaribio lenyewe linaitwa DRAFFT, lilifanyika katika hospitali 18 za Uingereza na kuchapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2014. Liliwahusu watu wazima waliovunjika mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, karibu na kifundo, kipande kikiwa kimesogea kuelekea mgongo wa mkono. Huu ndio mvunjiko wa mtu anayejikinga na kiganja anapoanguka, tunaouona kila siku. Walioshiriki walikuwa 461, wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu waliwekewa waya za Kirschner kupitia ngozi, nusu wakafanyiwa upasuaji wa wazi na kuwekewa bamba lenye skrubu upande wa kiganja. Wakati huo bamba lilikuwa limeshavuma, na waya zilianza kuonekana za kizamani. Bamba ni ghali mara nyingi zaidi, na kwetu mgonjwa ndiye mara nyingi anayetoa hiyo hela.

Baada ya miezi 12, wastani wa PRWE ulikuwa 15.3 kwa waya na 13.9 kwa bamba. Baada ya kurekebisha hesabu, tofauti ikawa 1.3 kwa faida ya bamba, na masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo tofauti ya kweli huenda imo, yakaanzia 4.5 kwa faida ya bamba hadi 1.8 kwa faida ya waya.

Wengi, wakiona masafa yamepita juu ya sifuri, wanaishia kusema "hakuna tofauti ya kitakwimu". Hapo ndipo ninapowakatiza vijana wangu. Sentensi hiyo haijasema kitu, kwa sababu jaribio dogo na baya nalo lingesema hivyohivyo. Chukua ile 6 uiweke kando ya masafa. Ukomo wa mbali kabisa upande wa bamba ni 4.5. Haufiki 6, achilia mbali 11.5. Kwa hiyo jaribio limetuambia jambo zito zaidi: hata kama bamba lina ubora, ubora huo ni mdogo kuliko unaomgusa mgonjwa. Masafa yangekuwa kutoka 9 upande wa bamba hadi 6 upande wa waya, tusingejua lolote, ingawa neno la kitakwimu lingebaki lilelile.

Upana wa masafa unategemea idadi ya watu, na idadi inategemea tofauti uliyoichagua kabla ya kuanza. Kuna hesabu ya haraka ninayoitumia kukagua, ya jaribio lenye uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo:

```
n = 16 × (mtawanyiko ÷ tofauti)²
```

Hapo `n` ni watu wa kila kundi, na mtawanyiko unapimwa kwa mkengeuko wastani wa alama. Tukichukulia mkengeuko wastani wa 20, tofauti ya 6 inadai watu kama 178 kila upande. Tofauti ya 11.5 inadai 48 tu. Unaona mtego ulipo. Mtafiti asiye na fedha huchagua tofauti kubwa, anapata jaribio dogo, kisha anatangaza kwamba matibabu mawili ni sawa. Ninaposoma jaribio la mvunjiko, kabla ya jedwali la matokeo huenda kwanza kwenye aya ya ukubwa wa sampuli, niangalie walichagua tofauti gani na walisema wameitoa wapi.

DRAFFT ina mipaka yake. Mgonjwa anajua kama ana kovu la upasuaji, na yeye ndiye anayejipa alama, kwa hiyo upendeleo wake hauwezi kuzibwa. Ila kama upendeleo huo ulikuwepo, ningetarajia uelekee kwenye bamba la kisasa, na bado bamba halikufika 6. Mpaka wa pili unanigusa zaidi. Watu ambao uso wa kiungo haukuweza kurudishwa bila kufungua hawakuingizwa. Kwa hiyo ukiona picha ya eksirei yenye kiungo kilichopasuka vipande na kuzama, DRAFFT haikuhusu, na usiitumie kumnyima mgonjwa upasuaji anaouhitaji. Ufuatiliaji ulikuwa mzuri, zaidi ya asilimia 90 walijibu mwishoni. Majaribio mengi ya mifupa hupoteza watu zaidi ya hapo, na anayepotea mara nyingi si sawa na anayebaki.

Kundi lilelile la watafiti liliendelea na swali la pili: baada ya mfupa kurudishwa mahali pake, je, hata waya zinahitajika, au hogo la plasta linatosha? DRAFFT2, iliyochapishwa mwaka 2022, ilikuwa na watu 500. Baada ya mwaka, PRWE ilikuwa 20.7 kwa waya na 21.2 kwa hogo, na masafa ya tofauti yalikuwa ndani ya 4.4 kila upande. Ukiishia hapo utasema tuachane na waya, tufunge hogo tu.

Usiishie hapo. Katika watu 255 wa hogo, 33 walilazimika kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki sita za kwanza kwa sababu mfupa ulihama. Upande wa waya alikuwa mmoja tu aliyerudiwa. Hao 33 walihesabiwa kwenye kundi la hogo, kama inavyotakiwa, na alama zao nzuri za baada ya upasuaji zimo ndani ya ile 21.2. Kwa maneno mengine, ile namba si ya hogo peke yake. Ni ya hogo pamoja na picha za kurudia, daktari wa kuziangalia na chumba cha upasuaji kilicho tayari wiki ya pili.

Nimefanya kazi mahali ambapo mgonjwa alifungwa hogo Jumatatu na kuambiwa arudi baada ya wiki sita, kwa sababu nauli ni ghali na mashine ya eksirei imeharibika. Pale, mmoja katika kila wanane ambaye mfupa wake unahama haonekani mpaka mfupa umeshaunga ukiwa umepinda. Mgonjwa wangu akitoka kijijini na najua hatarudi wiki ya kwanza wala ya pili kwa picha, namwekea waya.