Je, mtoto wa kwanza akiwa na selimundu, anayefuata atakuwa salama?

"Mimi na mume wangu ni wazima kabisa, lakini mtoto wetu wa kwanza ana selimundu. Tuliambiwa kwa wazazi kama sisi ni mmoja kati ya wanne. Sasa nina mimba ya pili. Si huyu atakuwa salama?"

Pole sana, dada. Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo, na ni vizuri ulijue mapema.

Chukua vikombe viwili, kimoja chako, kingine cha mumeo. Tia katika kila kimoja punje mbili za maharage, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ni A, kinasaba cha himoglobini ya kawaida. Nyekundu ni S, cha selimundu. Nyote wawili ni AS, na ile A moja inatosha kumfanya mtu aishi bila kuumwa. Ndiyo maana hamkujua.

Sasa fumba macho, utoe punje moja katika kila kikombe. Zikitoka nyekundu mbili, mtoto ni SS, anaugua. Zikitoka rangi tofauti, ni AS kama ninyi. Nyeupe mbili ni AA. Kisha zirudishe vikombeni, kwa sababu kila mimba huanza upya na robo yake ileile. Kuna nyumba yenye watoto wanne wazima, na nyingine ina wagonjwa watatu. Na tazama tena vikombe: nyekundu ya pili ilitoka kwa baba. Anayemlaumu mama peke yake anakosea.

Wanaopanga kuoana wapime wote wawili. Grupu la damu halijibu swali hili. Mtu wa grupu O anaweza kuwa AS. Kipimo cha haraka cha sikling huonyesha kwamba S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo ombeni elektroforesisi ya himoglobini. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri kama miezi mitatu, asije akasomewa damu ya aliyemchangia. Mmoja akiwa AA, hakuna mtoto wa SS.

Wewe mwambie mkunga kliniki sasa hivi. Mtoto anaweza kupimwa angali tumboni, ingawa hospitali nyingi za kwetu hazina huduma hiyo. Basi akizaliwa, apimwe katika wiki za kwanza kwa tone la damu la kisiginoni. Usingoje dalili: himoglobini aliyotoka nayo tumboni humkinga kwa miezi kadhaa, ananyonya na kunenepa kama wenzake, kisha karibu na miezi sita vidole vinavimba na analia akishikwa. Mtoto wa SS huanzishiwa penisilini ya kila siku kabla hajatimiza miezi mitatu, kwa kuwa wengu wake huharibika mapema na maambukizi ya bakteria yanaweza kumuua kwa saa chache. Ukisubiri vidole vivimbe, umeshachelewa kwa miezi mitatu.