Je, dapagliflozini inaua figo?

"Mama alianza dapagliflozini, wiki ya tatu kreatinini ikapanda kutoka 130 hadi 150. Si ndiyo hayo, dawa za kisukari zinaua figo?"

Hapana, na tafadhali asiiache kwa sababu hiyo. Kisukari hulazimisha damu kuingia kwenye vichujio vya figo kwa shinikizo kubwa mno, na shinikizo hilo ndilo linalovichakaza. Dawa hii huzuia figo kurudisha sukari na chumvi kwenye damu. Chumvi inayopita zaidi mrijani huifanya figo ibane mshipa unaoingiza damu, na shinikizo likashuka. Kichujio kilichopumzishwa huchuja pungufu kidogo mwanzoni, ndiyo maana kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda, kisha hutulia. Ya mama imepanda kama asilimia 15. Ikipita 30, daktari atafute sababu nyingine, mara nyingi upungufu wa maji. Utafiti wa DAPA-CKD wa 2020 ulionyesha figo zikilindwa hata kwa wasio na kisukari.

Madhara yapo. Sukari kwenye mkojo hulisha fangasi, hivyo muwasho sehemu za siri ni wa kawaida na hutibika. Linalonitia hofu ni asidi ya ketoni kujaa kwenye damu, na dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kuhema kwa nguvu, hata sukari ikiwa karibu na kawaida. Akiona hayo, aende hospitali mara moja. Akiwa anatapika, anaharisha au hali chakula, asimamishe dawa kwa muda na ampigie daktari wake.