Ramani na dira: njiwa anavyorudi kwao kutoka mahali asipopajua

Saa tatu asubuhi, mwezi wa sita, Kamanyola, kusini mwa Bukavu. Tenga lenye njiwa saba limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Wote wamezaliwa Bukavu, kwenye banda langu la Kadutu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurushwa nje ya mji. Nafungua kifuniko. Wanapanda kwa kelele za mabawa, wanazunguka mara mbili tatu juu ya mabati, kisha wanajinyoosha kuelekea kaskazini, wakiegemea magharibi kidogo, jua likiwa upande wao wa kulia. Baada ya dakika chache hawaonekani tena.

Motari aliyenileta bado ameinua shingo. “Papa, hawa wanajuaje? Njia nzima walikuwa ndani ya tenga, wamefunikwa na nguo.”

Jibu linalomjia kila mtu kwanza ni kwamba njiwa anashika njia kichwani: kona hii, mteremko ule, kisha anairudisha kinyumenyume. Wataalamu walilijaribu jibu hilo kwa ukatili kidogo. Walisafirisha njiwa wakiwa wamelala kwa dawa ya usingizi, ndani ya vyombo vilivyofungwa na kuzungushwa njiani. Wakiachiwa, bado walielekea kwao. Kwa hiyo njiwa anaweza kurudi hata bila kukumbuka safari. Kuna kitu anachokisoma palepale anapoachiwa.

Mjerumani Gustav Kramer ndiye aliyelipanga swali hili vizuri, mwaka 1953. Alisema mnyama anayerudi kwao kutoka ugenini anahitaji vitu viwili tofauti, ramani na dira. Watu wengi huvichanganya, ndiyo maana maelezo mengi ya njiwa hayaeleweki. Chukua mtu uliyemfunga macho, ukampeleka porini, ukampa simu yenye dira. Kaskazini ataiona mara moja. Lakini kama hajui yuko kusini mwa Bukavu au mashariki yake, dira hiyo haimsaidii kitu. Ramani ndiyo inayomwambia njiwa, “uko kusini ya kwenu, kwa hiyo nenda kaskazini.” Dira inamwambia kaskazini ni wapi.

Tuanze na dira, kwa sababu ndiyo inayojulikana vizuri zaidi.

Dira ya kwanza ya njiwa ni jua. Lakini jua halikai mahali pamoja, kwa hiyo mwenye kulitumia lazima ajue ni saa ngapi. Njiwa ana saa mwilini, nayo hurekebishwa na kupambazuka na kuchwa kila siku. Namna ya kulithibitisha hilo ni kuiharibu saa yenyewe. Unamfungia njiwa chumbani siku tano au zaidi, unawasha taa saa sita kabla ya alfajiri na kuizima saa sita kabla ya magharibi. Yaani kwake kunakucha usiku wa manane na kunakuchwa adhuhuri. Mwishoni saa yake inakuwa imetangulia kwa saa sita.

Sasa mpeleke njiwa huyo Kamanyola, saa tatu asubuhi ileile ya mwezi wa sita. Kwa mwili wake ni saa tisa alasiri. Mwezi wa sita hapa kwetu jua hupitia upande wa kaskazini: saa tatu asubuhi liko kaskazini-mashariki, saa tisa alasiri liko kaskazini-magharibi. Ramani yake ni nzima, inamwambia sawasawa kwamba Bukavu iko kaskazini, magharibi kidogo. Anawaza kwa saa yake: “sasa ni alasiri, jua liko kaskazini-magharibi, basi kwetu ni kuume kidogo kwa jua.” Anaangalia jua, anashika kuume kidogo. Lakini jua la kweli bado ni la asubuhi, kwa hiyo anaondoka karibu mashariki kabisa, anavuka mto Ruzizi na kuelekea upande wa Bugarama, Rwanda, bila wasiwasi wowote.

Hiyo ni hesabu yangu kwa jua la kwetu. Majaribio yenyewe yalifanyika Ulaya na Marekani, na huko njiwa waliochezewa saa walikosea kwa upande uliotabiriwa, ingawa mara nyingi walikengeuka kidogo kuliko hesabu ilivyotaka. Ninachokipenda katika jaribio hili ni kwamba njiwa hakupotea ovyo. Alikosea kwa nidhamu. Mtu asiyejua kwao ni wapi angezurura kila upande. Huyu aliujua upande, ila saa ilimdanganya.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Wabelgiji havina haja ya kulisema, lakini sisi wa karibu na ikweta linatuhusu. Ubelgiji jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Bukavu, mwezi wa sita liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na katikati ya mwezi wa tatu na mwishoni mwa mwezi wa tisa adhuhuri linasimama utosini. Jua lililo utosini halioneshi upande wowote. Tena mwendo wake si wa mizani: mwezi wa sita, tangu linapochomoza mpaka saa tatu, upande wake unabadilika kidogo sana, kisha kati ya saa tatu na saa sita linahama kwa kasi kutoka kaskazini-mashariki hadi kaskazini. Asubuhi, basi, kosa dogo la saa halimgharimu njiwa. Karibu na adhuhuri linamgharimu. Mimi sirushi njiwa wasio wazoefu baada ya saa nne asubuhi.

Na siku ya mawingu mazito? Njiwa mzoefu anarudi hata hivyo, kwa sababu ana dira ya pili, ya sumaku ya dunia. Mmarekani William Keeton aliionesha mwaka 1971 kwa kuwafunga njiwa vipande vidogo vya sumaku mgongoni. Siku ya jua hawakusumbuka. Siku ya mawingu, wenye sumaku walichanganyikiwa, na wenzao waliobebeshwa vipande vya shaba vya uzito uleule wakaelekea nyumbani. Shaba ilikuwa muhimu: bila hiyo mtu angesema njiwa walisumbuliwa na mzigo tu.

Dira imekwisha. Ramani ndiyo ngumu, na juu yake wataalamu wamegombana miaka hamsini.

Mwaka 1972 Floriano Papi na wenzake wa Pisa, Italia, walitoa dai lililochekesha watu: njiwa anasoma mahali kwa pua. Walikata mishipa ya kunusia, wakawaachia njiwa mahali pageni, na njiwa hao wakashindwa kurudi. Wapinzani wakasema labda wameumia tu, hawana hamu ya kuruka. Lakini njiwa wasionusa, wakiachiwa mahali wanapopajua, hurudi vizuri. Wanachokikosa ni kurudi kutoka ugenini.

Harufu inawezaje kuwa ramani? Usifikirie kwamba kila kijiji kina harufu yake. Fikiria banda la Kadutu. Kwa miezi njiwa mchanga anakaa pale akipigwa na upepo. Ukitoka kaskazini unapita juu ya ziwa. Ukitoka kusini unapanda na hewa ya bonde la Ruzizi, chini kule kwenye joto na mashamba. Kila upande unaleta mchanganyiko wake, na kinachobadilika ni vipimo: gesi hii inazidi kidogo, ile inapungua. Njiwa anashikamanisha mchanganyiko na upande unakotoka. Siku akijikuta Kamanyola, ananusa hewa ambayo nyumbani ilikuja na upepo wa kusini. Basi yuko kusini. Mjerumani Hans Wallraff alipima hewa mahali pengi hadi kilomita 200 kuzunguka mji wa Würzburg, akakuta vipimo hivyo kweli vinabadilika kwa utaratibu kadiri unavyosogea, kiasi cha kutosha kujua upande.

Jaribio linalonishawishi kuliko yote ni la Pisa, mwaka 1990. Njiwa waliwekwa kwenye banda lenye mafeni, na upande mmoja feni zilipuliza hewa yenye bensaldehidi, kitu chenye harufu ya lozi chungu. Baadaye walisafirishwa na kuachiwa wakiwa wananusishwa harufu hiyohiyo. Wakaruka kuelekea upande ulio kinyume na ule ambao harufu ilikuwa ikitoka nyumbani, kana kwamba wamepelekwa kule kwenye lozi na sasa wanarudi. Wenzao waliolelewa bila harufu hiyo hawakudanganyika.

Wapo wanaosema ramani ni ya sumaku, isomwe mdomoni. Anna Gagliardo, mtafiti wa Pisa, aliyapambanisha madai hayo mawili kwa kukata: kundi moja mshipa wa kunusia, kundi jingine mshipa unaotoka mdomoni ambao ungebeba habari za sumaku. Wa mdomo walirudi. Wa pua walipotea. Na mwaka 2012 seli zenye chuma ndani ya mdomo, zilizokuwa zimehesabiwa kuwa ndizo kihisio, zilionekana kuwa seli za kinga tu. Mimi nimeegemea pua.

Mwisho wa safari ni kazi ya macho, lakini kwa kipande kifupi tu. Njiwa waliovikwa lenzi zenye ukungu, wasioona zaidi ya mwanga, walifika kilomita chache karibu na banda, wengine karibu zaidi, kisha wakashindwa kulipata lenyewe.

Nilimweleza motari haya tukipanda kurudi Bukavu, nusu nikipiga kelele juu ya mlio wa pikipiki. Akauliza kwa nini basi njiwa wa jirani yake hawarudi kamwe. Nilimwambia anieleze banda lao. Mbao pande zote, alisema, na juu plastiki, kwa sababu ya wezi na baridi. Wallraff alilea njiwa hivyohivyo, ndani ya mabanda yenye kuta zinazozuia upepo, na walipoachiwa ugenini hawakujua upande wa nyumbani. Wa mabanda ya waya walijua. Jirani ang'oe mbao za upande wa ziwa na wa kusini, aweke waya, na hao wakubwa asiwategemee sana. Aanze na makinda.

Tulipofika Kadutu sita walikuwa juu ya banda. Wa saba, jike lenye doa jeupe, aliingia kesho yake jioni, mkia umepungua manyoya mawili.