Kuhamisha PDF kutoka A4 kwenda Letter bila kukata wala kupotosha chochote

Kwa mara nyingine nimeletewa faili ambayo mtu ameibana hadi asilimia 94 ili itoshee karatasi ya Kimarekani, na nilipouliza kwa nini, nikajibiwa lile jibu lililokwisha kunichosha: «Letter ni ndogo kuliko A4, kwa hiyo lazima ipunguzwe.» Imani hii imesambaa mno, na kila siku inaharibu nyaraka ambazo hazikuhitaji kupunguzwa hata kidogo, kwa hiyo nitaieleza habari hii mara moja kwa urefu wake.

Letter si ndogo kuliko A4. Ni fupi zaidi, lakini pia ni pana zaidi. A4 ina milimita 210 kwa 297, na Letter ina inchi 8.5 kwa 11, yaani milimita 215.9 kwa 279.4. Kwa pointi, ambazo ndizo PDF inazotumia (pointi 72 kwa inchi), A4 ni takriban 595.28 kwa 841.89 na Letter ni 612 kwa 792 kamili. Ukihama kutoka A4 unapata karibu pointi 17 za upana na unapoteza karibu pointi 50 za urefu, ambazo ni milimita 17.6. Swali la kujiuliza basi si namna ya kuupunguza ukurasa, bali ni kama zile milimita 17.6 zina kitu chochote ndani yake. Katika nyaraka nyingi za kawaida hazina kitu, kwa sababu ni pambizo tupu.

Anayebonyeza «Fit» bila kuuliza swali hilo anazidisha kila kitu kwa 792/841.89, yaani 0.9407. Maandishi ya pointi 11 yanashuka hadi 10.35. Pambizo za kushoto na kulia, ambazo tayari zilikuwa zinapata nafasi ya ziada, zinazidi kunenepa kwa sababu maudhui yote yamesinyaa kuelekea katikati. Kwa barua hilo linavumilika. Kwa mchoro wa jengo wa 1:100 ni kosa la kweli, kwa kuwa mchoro huo sasa ni takriban 1:106, ilhali maandishi yaliyo pembeni yake bado yanadai kuwa ni 1:100, na fundi atakayeweka rula juu ya karatasi atapata milimita 94 mahali palipopaswa kuwa na 100. Wako pia wanaonyoosha ukurasa ili ujaze karatasi pande zote mbili, wakiongeza upana kwa asilimia 2.8 na kupunguza kimo kwa karibu asilimia 6. Matokeo yake duara linageuka yai na herufi zinaonekana zimekaliwa. Sioni hali yoyote inayohalalisha jambo hilo.

Upande wa pili wako wanaokwenda moja kwa moja kwenye muundo wa faili na kuandika `MediaBox` mpya, yaani kisanduku cha mipaka ya ukurasa, ya `[0 0 612 792]`. Hawa wako karibu zaidi na ukweli, lakini wanasahau kwamba vipimo vya PDF huanzia kona ya chini kushoto na kupanda juu. Ukiweka kisanduku hicho juu ya ukurasa wa A4, pointi zote 50 zinakatwa upande wa juu, na zile 17 za upana zinaongezwa zote upande wa kulia. Dalili yake haifichiki: kijajuu kimegusa ukingo au kimetoweka, nambari ya ukurasa iko salama palepale ilipokuwa, na maandishi yote yameegemea kushoto. Ukiona ukurasa wa namna hiyo, huna haja ya kuuliza ulitengenezwaje.

Njia sahihi ni kupima kwanza mahali wino unapoanzia na unapoishia, kisha kukiweka kisanduku cha Letter juu ya wino huo. Kupima kunafanywa na programu ya Ghostscript:

```
gs -q -dNOPAUSE -dBATCH -sDEVICE=bbox ripoti.pdf
```

Amri hii haiandiki faili yoyote. Inachapisha kwenye skrini, kwa kila ukurasa, namba nne zinazoonyesha mipaka ya maudhui: kushoto, chini, kulia, juu. Tuchukue ripoti ambayo mipaka yake, baada ya kuangalia kurasa zote, ni hii:

```
%%BoundingBox: 70 34 525 771
```

Nasema «baada ya kuangalia kurasa zote» kwa makusudi. Usipime ukurasa wa kwanza ukaridhika, kwa maana mara nyingi huo ni jalada na hauna nambari ya ukurasa. Chukua thamani ndogo kuliko zote kwa kushoto na chini, na kubwa kuliko zote kwa kulia na juu, ukiacha kando kurasa tupu ambazo hutoa `0 0 0 0`. Vilevile usimpe kila ukurasa kisanduku chake, kwa sababu mistari itaruka juu na chini msomaji anapofungua kurasa.

Hapa maudhui yana kimo cha 771 kutoa 34, yaani pointi 737, na upana wa pointi 455. Letter ina pointi 792 za kimo. Zinabaki 55, na kwa hiyo hakuna haja yoyote ya kupunguza. Hata hivyo tusiharakishe kukata sawa juu na chini, kama wanavyofanya wengi waliofika hatua hii. Tukikata pointi 24.94 kila upande, nambari ya ukurasa iliyokuwa pointi 34 kutoka ukingoni itabaki na pointi 9 tu, ambazo ni milimita 3.2, wakati juu kutabaki karibu pointi 46. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa, na milimita 3 ni mahali pa hatari. Kwenye skrini nambari itaonekana vizuri, na kwenye karatasi itatoka nusu. Hii ndiyo aina ya kasoro inayogunduliwa baada ya nakala zote kuchapwa.

Badala yake tunagawa kile kilichobaki: 55 kwa mbili ni 27.5. Chini ya kisanduku inakuwa 34 kutoa 27.5, yaani 6.5, na juu inakuwa 6.5 kuongeza 792, yaani 798.5. Kwa upana, nafasi ya ziada ya pointi 16.72 inagawanywa sawa, na kisanduku kinaanzia -8.36 hadi 603.64. Namba hasi isikutishe, kwani PDF inairuhusu, na hakuna kanuni inayosema kisanduku kianzie sifuri. Kwa pypdf, maktaba ya Python ya kushughulikia PDF, kazi yote ni hii:

```python
from pypdf import PdfWriter
from pypdf.generic import RectangleObject

w = PdfWriter(clone_from="ripoti.pdf")
k = RectangleObject((-8.36, 6.5, 603.64, 798.5))
for p in w.pages:
    for jina in ("mediabox", "cropbox", "trimbox",
                 "bleedbox", "artbox"):
        setattr(p, jina, k)
w.write("ripoti-letter.pdf")
```

Visanduku vyote vitano vinabadilishwa kwa sababu ukibadilisha `MediaBox` peke yake na faili ina `CropBox` ya zamani, yaani kisanduku cha eneo linaloonyeshwa, programu ya kusomea itaendelea kuifuata ile ya zamani, nawe utadhani amri haikufanya kazi. Thibitisha kwa `pdfinfo -box ripoti-letter.pdf`, ambayo inapaswa kuonyesha 612 x 792 na neno letter pembeni.

Uzuri wa njia hii, na ndiyo sababu naishikilia, ni kwamba maudhui hayakuguswa. Herufi ni zilezile kwa ukubwa uleule, viungo na alamisho bado vinaelekeza mahali pake, na sehemu za kujaza fomu zimebaki hai. Tumehamisha dirisha tu, si kile kilicho nyuma yake. Kwa sababu hiyo pia kilichokatwa hakijafutwa, na anayehitaji A4 anaweza kurudisha kisanduku cha awali. Jihadhari basi: ukitegemea ukataji huu kuficha siri iliyo pambizoni, siri hiyo bado imo ndani ya faili.

Kurasa za mlalo zinahitaji uangalifu. Kama jedwali limewekwa kwenye ukurasa wenye `MediaBox` ya 841.89 kwa 595.28, kisanduku chake nacho lazima kilazwe, kiwe 792 kwa upana na 612 kwa kimo. Lakini kama ukurasa ni wa wima na umegeuzwa kwa `/Rotate 90`, `MediaBox` inaandikwa kana kwamba haukugeuzwa, kwa hiyo kisanduku cha wima ndicho kinachofaa. Angalia namba za `MediaBox`, usiangalie kile unachokiona kwenye skrini.

Zipo faili ambazo kweli lazima zipunguzwe. Najiwekea mpaka wa pointi 18, yaani robo inchi, kila upande kwa ajili ya printa, hivyo maudhui yenye kimo kisichozidi pointi 756 na upana usiozidi 576 nayahamisha bila kupunguza. Yakizidi 792 hakuna mjadala. Shida iko kati ya 756 na 792, na hapo sina kanuni ninayoweza kuitetea mpaka mwisho. Kama kinachozidi ni mstari mwembamba wa mapambo, nauacha uliwe na printa. Kama ni maandishi, napunguza kwa kiasi kinachohitajika tu: maudhui ya pointi 770 yanahitaji asilimia 98, wala si 94. Wapo wenzangu wanaoona asilimia 98 ni sumbuko la bure na kwamba ni heri kubonyeza «Fit» na kumaliza. Kwa ripoti ya maneno matupu sina hoja nzito ya kuwapinga, ila kwa chochote chenye kipimo ninayo.

Nyaraka zilizoskaniwa ni suala jingine. Kwa Ghostscript ukurasa ulioskaniwa ni picha moja iliyojaza karatasi yote, kwa hiyo bbox itasema kwamba maudhui yanafika ukingoni hata kama pambizo ni nyeupe. Vivyo hivyo kwa ukurasa wenye rangi ya mandhari. Hapo hakuna budi kutumia macho, kupima pambizo halisi kwenye skrini na kufanya hesabu ileile kwa mkono. Ikiwa rangi inafika ukingoni kweli, punguza:

```
gs -o nje.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=letter \
   -dFIXEDMEDIA -dPDFFitPage ndani.pdf
```

Amri hii huandika upya faili nzima, kwa hiyo usiitumie kwa fomu unayotaka iendelee kujazika.

Wakati wa kuchapa, chagua «Actual size». Faili iliyokwisha kuwa Letter ikipitishwa kwenye «Fit» inaweza kupunguzwa tena ili ienee ndani ya eneo linalochapika, na uangalifu wote uliotangulia unapotea kwa kubonyeza mara moja. Na kama faili ina saini ya kidijitali, usiiguse kabisa, kwa kuwa kubadilisha kisanduku ni kubadilisha faili na uthibitisho wa saini utavunjika. Mwombe aliyeitia saini atoe toleo la Letter na alisaini upya.