Barua ya benki haisemi kampuni ina pesa kiasi gani

"Nikishapata barua ya benki, taarifa ya akaunti ya nini tena? Barua si inaonyesha kampuni ina uwezo?"

Ndivyo wanavyofikiri wengi wanaoomba zabuni kwa jina la kampuni. Imani hii inaeleweka, kwa kuwa barua ina nembo, saini na muhuri. Lakini soma aya zake. Kwa kawaida inataja jina la akaunti, tarehe ilipofunguliwa na kwamba inaendeshwa vizuri, kisha inamalizia kwa kusema benki haiwajibiki kwa lolote. Salio mara nyingi halimo, wala ahadi ya mkopo. Mzunguko wa pesa unaonekana kwenye taarifa ya akaunti. Zabuni ikidai uthibitisho kwamba benki itakukopesha, hiyo ni barua nyingine kabisa, na benki hukupima kwanza kabla ya kuitoa.

Tuseme zabuni inafungwa 28 Machi na inadai taarifa ya akaunti ya miezi 6 iliyopita. Omba taarifa ya kuanzia Septemba hadi Machi, iliyogongwa muhuri kila ukurasa. Barua ya kuiomba benki taarifa hiyo iwe na namba ya akaunti, namba ya zabuni na jina la taasisi itakayopokea. Isainiwe na watia saini wote wanaotakiwa na akaunti. Wakiwa wawili na mmoja yuko safarini, ombi hukwama hapo. Acha salio kwenye akaunti la kulipia ada ya taarifa.

Ukikabidhiwa, linganisha jina la kampuni na cheti cha usajili, herufi kwa herufi, kabla hujatoka kaunta.