Gauni la pichani linapoongezwa mikono

Je, wajua kwa nini mikono mirefu au ushungi ulioongezwa kwenye picha mara nyingi huonekana kama umebandikwa?

Kosa kubwa ni kupaka rangi juu ya ngozi. Kitambaa hakiufuati mkono wa mtu kama rangi ya ukutani. Kina unene wake, kinaning'inia, kinajikunja. Ukipaka kwa kufuata ukingo wa ngozi, unapata mkono uliochovywa kwenye ndoo ya rangi.

Tuchukue mfano. Dada mmoja ana picha ya arusi ya mdogo wake. Siku hiyo dada huyo alivaa gauni la saten la kijani, halina mikono, linaishia magotini. Siku hizi anajistiri, na anataka picha hiyo hiyo aitundike sebuleni. Fundi wa picha anayeijua kazi hafungui kompyuta kwanza, anauliza. Mikono ifike kwenye kiwiko au kiganjani? Ibane au ipwaye? Ushungi anaufunga vipi, kwa pini chini ya kidevu au anautupia begani? Kuna anayetaka mikono tu na nywele ziachwe, naye apewe hivyo hivyo. Fundi akimzidishia stara asiyoiomba, amemvisha nguo ya fundi.

Kitambaa cha mikono hakichorwi, kinatolewa kwenye gauni lenyewe. Katika Photoshop, fundi ananakili kipande cha sketi kwenye tabaka jipya, yaani layer, kisha anakikunja kwa Edit > Transform > Warp hadi kifuate mkono. Kipande hicho tayari kina mng'ao wa saten, chembechembe za kamera ile ile na mwanga wa chumba kile kile. Mtego upo kwenye mkono wa pili. Ukinakili wa kwanza na kuugeuza kama kwenye kioo, mwanga nao unageuka. Dirisha liko kushoto, lakini mkono mmoja unang'aa upande wa kulia.

Ukingo wa nguo unapita nje ya ukingo wa ngozi, zaidi upande wa chini ambako kitambaa kinaning'inia. Kwa hiyo uwazi kati ya mkono na kiuno unapungua, na sehemu ya ukuta wa nyuma inafichika. Mikunjo huanzia kwapani na ndani ya kiwiko kilichokunjwa, kisha inatawanyika. Mkono ulionyooka hauna mikunjo mingi, na hapo wengi huizidisha. Mwishoni kabisa, kiganjani, nguo huangusha kivuli chembamba juu ya ngozi. Kivuli hicho huwekwa kwenye tabaka lake, aina yake ya mchanganyiko ikiwa Multiply, kikiwa hafifu. Bila hicho, kazi yote ya juu inaharibika.

Kurefusha pindo ni rahisi zaidi, ila lisikatwe kwa mstari ulionyooka. Kamera ikiwa usawa wa kifua, pindo la mbele huonekana chini kidogo kuliko pande, kwa hiyo linapinda kama bakuli. Mikunjo ya juu lazima iendelee hadi chini, na kivuli sakafuni kipanuke, kwani gauni refu linaziba mwanga uliokuwa ukipita kati ya miguu.

Ushungi ndio unaotoa jasho. Kama dada alisuka fundo kubwa kisogoni, kitambaa lazima kilipande fundo hilo, la sivyo kichwa kinasinyaa. Masikio hulala chini ya nguo, hereni zinaondoka, na kivuli laini kinakaa kwenye paji na mashavuni. Kuna mafundi wanaovuta ukingo hadi uso unakuwa mwembamba. Hiyo si stara tena, ni kumbadilisha mtu. Njia ninayoiamini ni kumpiga picha mwenyewe leo, amevaa ushungi wake kwa mkao wake, kichwa kikiwa kwenye pembe ile ile na dirisha upande ule ule, kisha kuchukua kitambaa hicho.

Kabla ya kuchapa, igeuze picha nzima kushoto kwenda kulia na uitazame upya. Jicho lililozoea kosa huligundua haraka. Ifanye pia nyeusi na nyeupe, uone kama vivuli vinakubaliana. Halafu kagua kioo chochote kilicho nyuma. Nimewahi kuona bega lililofunikwa vizuri kabisa, huku kwenye kioo cha kabati liko wazi.

Picha iliyopita WhatsApp mara kadhaa haifai kwa kazi hii, maana nyuzi za kitambaa zimeshapondeka na hakuna cha kunakili. Kwa karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri unahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508, kwa hiyo omba faili la mpiga picha.

Na marafiki zake wawili waliosimama naye pichani? Nguo zao zinabaki kama zilivyo mpaka wao wenyewe waseme. Dada asipopenda waonekane, picha ikatwe pembeni. Faili la asili anabaki nalo dada, na fundi akishamkabidhi kazi anafuta nakala yake.